Mpango wa kuchambua data kwa tasnifu ya elimu ya mbinu mchanganyiko: kila swali la utafiti na mbinu yake (mwongozo kamili)

Siku ya kutetea proposo yangu ya masta mwanapaneli mmoja alifungua chapta ya tatu akaniuliza kitu kimoja tu, hili swali lako la tatu litajibiwa na kipengele namba ngapi kwenye dodoso? Nikafungua dodoso, nikapekua kurasa zote nne, hakukuwa na kipengele. Nilikuwa nimeandika kwamba data itaingizwa kwenye SPSS halafu intavyu zitachambuliwa kidhamira, nikadhani huo ndo mpango wa uchambuzi. Haukuwa mpango, ilikuwa ni majina ya vifaa. Nilirudishwa miezi minne nyuma, na tangu hapo kila mwalimu mwenzangu anayeniomba nimsomee proposo naanzia hapo hapo, kwenye swali na mahali jibu lake litatoka.

Ntatumia kisa kimoja mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ukielezwa kwa jumla jumla unaitikia kichwa halafu ukifika kwa meza yako hujui uandike nini. Tuseme wewe ni mwalimu wa Kiswahili Busia, Uganda, unafanya masta ya elimu, na unataka kujua kama namna walimu wanavyosahihisha madaftari ya S.2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, inawasaidia wanafunzi kuandika vizuri. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza 2020 na S.1, Kiswahili ni lazima S.1 na S.2, kwa hiyo wanafunzi wapo wa kutosha. Umepata shule 12, kila shule unachukua wanafunzi 30, jumla 360. Maswali yako ni manne. Kwanza, walimu wanaandika komenti za aina gani kwenye madaftari? Pili, komenti zinazoelekeza zina uhusiano gani na maendeleo ya uandishi? Tatu, kwa nini wanafunzi wengine wanazitumia komenti na wengine hawazitumii? Nne, maelezo ya swali la tatu yanatusaidiaje kuelewa namba za swali la pili?

Anza na jedwali tupu, usianze na jina la mbinu

Hii ndo kazi ya kwanza na kwangu mimi ndo muhimu kuliko zote. Kwa kila swali, kabla hujataja mbinu yoyote, chora jedwali au andika sentensi ambayo itakuwa jibu kwenye chapta ya nne, ila pale penye namba acha nafasi tupu. Kama huwezi kuichora basi swali bado halijaiva, na hakuna softiwea itakayoliivisha.

Kwa swali la pili sentensi yangu tupu ni hii: "Kati ya wanafunzi wa shule moja walioanza temu na alama sawa, aliyepata komenti moja zaidi ya kuelekeza kwa kila kazi alimaliza temu akiwa na alama ___ zaidi, na kadirio linaweza kuwa kati ya ___ na ___." Isome tena polepole uone ilivyokwisha kukudai vitu. Inadai alama za mwanzo wa temu, je umepanga kuzikusanya? Inadai kuhesabu komenti kwa kila kazi, je unajua kazi ni nini, insha tu au hata mazoezi ya sarufi? Inasema shule moja, maana yake lazima kila daftari liwe na namba ya shule. Sentensi moja tupu imekuonyesha mapengo matatu ukiwa bado nyumbani, mapengo ambayo wengi huyaona wakishatoka fildi na hela ya boda imeshaisha.

Halafu tazama kitenzi cha swali. Swali la "za aina gani, ngapi" linataka hesabu na maelezo. Swali la "uhusiano" linataka modeli yenye variabo mbili au zaidi. Swali la "kwa nini" likiwa linatafuta sababu za watu wenyewe linataka maneno yao, intavyu, na hapo asilimia hazijibu. Mara kwa mara naona swali limeandikwa "kuchunguza athari za" kitu fulani, na utafiti wenyewe ni dodoso moja la siku moja. Dodoso la siku moja halitoi athari, litakupa uhusiano. Badilisha neno kwenye swali sasa hivi, kabla paneli haijakubadilishia.

Swali la kwanza: hesabu inayoonekana nyepesi

Swali la aina za komenti watu hulipita haraka, wanaandika "frikwensi na asilimia" wanaenda mbele. Mimi naomba ukae nalo, kwa sababu variabo ya swali la pili inazaliwa hapa.

Chukua daftari moja la S.2. Ukurasa wa kwanza una tiki tisa nyekundu na chini "Vizuri". Ukurasa wa pili kuna mstari chini ya "kiti hii" na pembeni "ngeli!". Wa tatu mwalimu ameandika "Kiti ni KI-VI, kwa hiyo kiti hiki. Rekebisha sentensi ya 2 na ya 5 uniletee." Hizo ni komenti za daraja tatu, ya kwanza inatoa hukumu tu, ya pili inataja kosa, ya tatu inaelekeza mwanafunzi afanye nini. Kwenye mpango andika maana ya kila daraja kwa mistari miwili na mfano mmoja, ili mtu mwingine akipewa daftari lile lile afike pale ulipofika wewe. Kisha sema huyo mtu mwingine yupo, yaani mwalimu mwenzako atapanga upya asilimia 20 ya komenti bila kuona ulivyopanga wewe, na makubaliano yenu mtayapima kwa kapa ya Cohen. Andika na utakachofanya kapa ikiwa chini, kwa mfano ikishuka chini ya 0.6 mtakaa, mtarekebisha maana za madaraja, na mtapanga komenti zote upya tangu mwanzo.

Sasa kuna mtego hapa ambao ulimkamata mwenzangu mmoja. Alipima asilimia ya komenti zinazoelekeza katika komenti zote za daftari. Vizuri, ila kuna madaftari hayakuwa na komenti hata moja, hapo unagawanya sifuri kwa sifuri, na softiwea ikayafanya yote kuwa data iliyopotea. Yaani wanafunzi ambao mwalimu hakuwaandikia kitu kabisa, ndo wale muhimu kabisa kwa utafiti wake, wote wakatoka kwenye modeli kimya kimya na hakujua mpaka alipoona sampo imepungua. Mimi napendekeza uhesabu komenti za kuelekeza ugawanye kwa idadi ya kazi za kuandika zilizomo kwenye daftari temu hiyo. Daftari lisilo na komenti linapata 0, na 0 hiyo ni ya kweli. Kitu kama hiki hukioni ukiandika "frikwensi na asilimia".

Swali la pili: hapa ndo proposo nyingi zinaangukia

Desturi yetu hapa Uganda ni kufungua jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, unaona watu 5000 linakupa 357, unakwenda unakusanya 357, halafu unafanya korelesheni ya Pearson. Jedwali lile halina kosa lenyewe, ila limejengwa kwa mtu anayechagua watu mmoja mmoja kwa bahati nasibu kutoka orodha nzima, kwa ajili ya kukadiria asilimia. Wewe hukufanya hivyo. Wewe ulichagua shule, ukaingia darasani, ukachukua 30 wanaofundishwa na mwalimu mmoja. Hao 30 wanafanana, wana mwalimu mmoja, vitabu hivyo hivyo, na saa zile zile za masomo, kwa hiyo mwanafunzi wa thelathini anakuambia kitu kipya kidogo tu kuliko wa kwanza.

Kiasi cha kufanana huko kina kipimo, kinaitwa korelesheni ya ndani ya kundi. Tuseme kwenye majaribio yako tofauti kati ya shule na shule ina varianzi 30 na tofauti kati ya wanafunzi ndani ya shule ina varianzi 120. Korelesheni hiyo ni 30 gawanya kwa 150, yaani 0.20. Sasa fanya hesabu hii:

```
1 + (30 - 1) * 0.20 = 6.8
360 / 6.8 = 53
```

Maana yake, kwa kukadiria wastani, au kwa jambo lolote linalotofautiana shule kwa shule, wanafunzi wako 360 wana uzito wa kama wanafunzi 53 waliochaguliwa mmoja mmoja. Ukifanya Pearson ya kawaida unaiambia kompyuta una watu 360 huru, nayo inakuamini, inakupa nyota mbili za umuhimu ambazo hazipo. Kwa jambo linalotofautiana kati ya mwanafunzi na mwanafunzi wa darasa lile lile hasara haiwi kubwa hivyo, na hilo ndo litakalotuokoa hapa chini.

Kwa hiyo mbinu ya swali la pili ni modeli ya ngazi mbili, wanafunzi ndani ya shule. Lakini angalia komenti zenyewe. Mwanafunzi anaweza kupata komenti nyingi kwa sababu mbili tofauti kabisa, ama mwalimu wake ni mtu wa kuandika sana kwa kila mtu, ama yeye binafsi ameandikiwa kuliko wenzake wa darasa. Ukiziacha zimechanganyika unapata namba moja isiyosema lolote kati ya hayo mawili. Zitenganishe: wastani wa darasa, na umbali wa mwanafunzi kutoka wastani wa darasa lake. Sehemu ya wastani wa darasa una shule 12 tu za kuitolea ushahidi, kwa hiyo sema mapema kwenye mpango kwamba utairipoti ila hutajengea hoja juu yake. Hoja yako kuu ni ile ya ndani ya darasa. Na ukitaka nguvu zaidi, ongeza shule, usiongeze wanafunzi kwa kila shule. Shule 24 zenye wanafunzi 15 ni wale wale 360 lakini zinakuambia mengi zaidi.

Halafu kuna hili la alama za mwanzo. Mwalimu mzuri anaandika zaidi kwenye daftari la mwanafunzi dhaifu. Ukilinganisha komenti na alama za mwisho peke yake unaweza kukuta wenye komenti nyingi ndo wameshindwa zaidi, ukaandika kwamba kusahihisha kunaharibu watoto! Ndo maana kwenye sentensi yetu tupu kuna maneno "walioanza temu na alama sawa". Usichukue alama za ripoti za shule kuwa alama za mwanzo, kila shule inatunga mtihani wake, 60 ya shule moja si 60 ya nyingine. Toa insha fupi moja wiki ya kwanza ya temu na nyingine ya ugumu sawa wiki ya mwisho, shule zote zile zile, na zisahihishwe na walimu wawili wasiojua mwanafunzi ni wa shule gani. Hata hivyo bado utabaki na uhusiano, si athari, kwa sababu kuna mambo mengine kama bidii ya mtoto na msaada wa nyumbani ambayo hukuyapima. Liandike hilo wazi kwenye mpango.

Kwenye R mpango mzima wa swali hili ni mistari michache, na mimi napenda iwekwe kwenye kiambatisho cha proposo:

```r
library(lmerTest)
d$kue_shule <- ave(d$kuelekeza, d$shule)
d$kue_mtoto <- d$kuelekeza - d$kue_shule
m0 <- lmer(mwisho ~ 1 + (1 | shule), data = d)
m1 <- lmer(mwisho ~ mwanzo + kue_mtoto + kue_shule +
             jinsia + (1 | shule), data = d)
summary(m1, ddf = "Kenward-Roger")
```

Mstari wa `m0` ndo unaokupa zile varianzi mbili za kukokotoa korelesheni ya ndani ya kundi. Mstari wa `m1` ndo jibu, na namba utakayoijaza kwenye sentensi tupu ni ile iliyo mbele ya `kue_mtoto`. Yale marekebisho ya Kenward-Roger mwishoni yapo kwa sababu shule 12 ni chache, bila hayo kompyuta inajiamini kupita kiasi (ikikataa, weka kwanza pakeji ya `pbkrtest`). Anayetumia SPSS anakwenda `Analyze > Mixed Models > Linear`, anaweka shule kwenye sehemu ya `Subjects`, kisha kwenye `Random` anawasha `Include intercept` na kuhamishia shule kwenye `Combinations`, anafika karibu pale pale.

Na wanafunzi watakaokosekana? Kwetu mwisho wa temu kuna wanaorudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na hao si watu wa bahati nasibu. Andika kwamba utahesabu wangapi wamekosa insha ya mwisho kwa kila shule, na utalinganisha alama zao za mwanzo na za waliobaki. Kama waliokosa walianza chini sana kuliko wenzao, msomaji lazima aambiwe kwamba matokeo yako yanawahusu zaidi waliobaki shuleni.

Daraja kati ya namba na maneno

Mbinu mchanganyiko si kuwa na dodoso na intavyu kwenye tasnifu moja. Ningetaka kila mwanafunzi wa masta alielewe hili kabla ya kuandika hata mstari mmoja. Kama ukiiondoa sehemu ya namba intavyu zako zinabaki vile vile, basi hukuchanganya kitu, umeandika tasnifu mbili ndogo ukazibana pamoja.

Katika kisa chetu namba zinatangulia, maneno yanafuata kuzieleza. Basi mpango lazima useme namba zitaamuaje nani aongee nasi. Kanuni yangu iko hivi. Baada ya modeli, kila mwanafunzi ana alama aliyotarajiwa kupata na alama aliyopata kweli. Chagua shule nne, kisha katika kila shule tazama wale waliopata komenti za kuelekeza juu ya wastani wa darasa lao. Kati ya hao chukua watatu waliopanda kuliko modeli ilivyotarajia na watatu walioshuka kuliko ilivyotarajia. Sita mara nne ni wanafunzi 24, ongeza mwalimu wao mmoja kila shule, walimu 4. Ona sasa ulichokipata, una watoto wa darasa moja waliosahihishiwa na kalamu moja, wengine imewafaa wengine haikuwafaa, na swali lako la "kwa nini" limepata watu wenyewe wanaoweza kulijibu. Usiwaambie wanafunzi kila mmoja yuko kundi gani, na hata mwalimu asijue.

Kanuni hiyo ina gharama ya muda, uipange. Insha mbili zikifanyika temu ya pili, unachambua namba likizoni, unarudi kwa intavyu temu ya tatu wanafunzi wakiwa bado S.2. Ukichagua temu ya tatu kwa insha, likizo ikiisha wako S.3, wengine wameacha Kiswahili kwa sababu si lazima tena, na daftari la mwaka jana limeshafungiwa mandazi.

Swali la tatu: "uchambuzi wa kidhamira" peke yake haitoshi

Ukiandika kwamba utafuata hatua sita za Braun na Clarke (2006) umesema kitu, lakini paneli itataka kujua nani atanukuu rekodi neno kwa neno, kwa lugha gani, na kodi, yaani majina mafupi unayovipa vipande vya maneno, zitatoka wapi. Busia mtoto anaweza kuanza kwa Kiswahili akamalizia kwa Lusamia au Ateso. Mimi nasema nukuu na uweke kodi kwenye lugha aliyozungumza, tafsiri iwe kwa yale maneno tu utakayoyaweka kwenye tasnifu, kwa sababu ukitafsiri yote kwanza unachambua maneno ya mtafsiri.

Weka na mfano mmoja mdogo ndani ya mpango, uutoe kwenye intavyu ya majaribio. Tuseme mwanafunzi amekuambia: "Aliandika 'rudia', sasa nirudie nini? Na vitabu vilirudi siku tuliyofunga." Kodi ya kwanza, komenti haisemi cha kufanya. Kodi ya pili, daftari limechelewa kurudi. Kodi zikishakuwa nyingi unaweza kufika kwenye dhamira kama "komenti inafika wakati kazi imeshapita". Dhamira ni sentensi inayodai kitu, kwa hiyo ukiona umeandika "changamoto" au "mitazamo ya walimu" hiyo bado ni kichwa cha kapu la kuwekea vitu.

Jambo moja ambalo wasahihishaji wa nje wanaliona haraka: usiweke kapa hapa eti kwa sababu uliiweka kwenye swali la kwanza. Kule madaraja yalikuwa yameandikwa kabla, kwa hiyo kupima kama watu wawili wanakubaliana kuna maana. Uchambuzi wa Braun na Clarke unachukulia kwamba msomaji mwenyewe anashiriki kuijenga dhamira, na wao wenyewe hawataki kipimo hicho. Ukiandika vyote viwili kwa data ile ile utaulizwa unaamini nini hasa. Badala yake andika utakavyotunza daftari la maamuzi, tarehe, kodi gani ilibadilika na kwa nini, ili mtu aweze kufuata nyayo zako.

Swali la nne lina jedwali lake

Hili ndo swali ambalo nalikosa mara nyingi kwenye proposo ninazosomewa, na ukilikosa basi hakuna mahali popote kwenye chapta ya nne ambapo namba na maneno vinakutana. Mbinu yake ni jedwali la pamoja. Lichore tupu sasa hivi:

| Kundi | Namba zinasema | Wanafunzi wanasema | Mwalimu anasema | Vikiwekwa pamoja |
|---|---|---|---|---|
| Komenti nyingi, alipanda kuliko ilivyotarajiwa | ___ | ___ | ___ | ___ |
| Komenti nyingi, alishuka kuliko ilivyotarajiwa | ___ | ___ | ___ | ___ |

Safu ya mwisho ndo jibu la swali la nne, na kila mstari utaandika moja ya mambo matatu, kwamba maneno yanaunga mkono namba, au yanaziongezea kitu, au yanapingana nazo. Kupingana kusikutishe wala usikufiche. Tuseme modeli inaonyesha komenti hazina uhusiano wowote na maendeleo, huku wanafunzi waliopanda wanasema wazi komenti ziliwasaidia. Mpango uwe umesema utaanzia wapi kutafuta sababu: kwanza rudi kwenye upimaji, pengine tulihesabu komenti bila kuhesabu ni lini daftari lilirudi, kisha rudi kwenye sampo, pengine waliosema hivyo ni wa shule mbili ambazo madaftari yanarudi mapema. Utaona hapo dhamira ya kuchelewa imekuletea variabo ambayo modeli haikuwa nayo. Na kama utaipima baadaye kwenye madaftari uliyopiga picha, iripoti kama uchunguzi wa ziada, usiichanganye na jibu la swali la pili ulilolipanga.

Jaribu mpango kabla ya fildi

Ukimaliza kuandika, tengeneza faili lenye mistari 60 ya uongo, shule 6 watoto 10 kila moja, alama zozote. Pitisha mistari ile ya R. Jaza yale majedwali matupu kwa namba hizo za uongo, halafu futa faili lisije likachanganyika na data ya kweli. Jioni moja inatosha. Nikifanya hivi na wenzangu karibu kila mara kuna kitu kinakosekana, namba ya shule haiko kwenye fomu ya insha, au jinsia imeandikwa "M" wengine wakimaanisha mwanamke wengine meil, au insha ya mwanzo na ya mwisho hazina namba ya kuziunganisha kwa mwanafunzi mmoja. Hili la mwisho likikupata fildi hakuna dawa, modeli nzima imekufa, kwa hiyo mpe kila mwanafunzi namba wiki ya kwanza, iandikwe kwenye insha zote mbili na kwenye picha za daftari.

Mpango wenyewe ukurasa tatu mpaka nne unatosha, swali kwa swali kwa mpangilio ule ule wa chapta ya kwanza, na kila swali liseme data yake ni ipi, mstari mmoja wa data ni nini (komenti, mwanafunzi, au intavyu), mbinu gani, na jedwali lake tupu. Upeleke pamoja na proposo kwenye kamati ya maadili, kwa sababu wanafunzi wako wengi hawajafika miaka 18, unahitaji ridhaa ya mzazi na kukubali kwa mtoto mwenyewe, na ridhaa hiyo itaje kwamba baadhi wataitwa tena kwa intavyu temu inayofuata. Kibali cha kamati kikitoka unaenda UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Ukija kubadilisha kanuni ya kuchagua wa kuhojiwa baada ya hapo, rudi kwa kamati na barua ya mabadiliko kwanza ndipo uwaite watoto. Ukishatoka fildi, chapta ya tatu inageuka kutoka "nitafanya" kuwa "nilifanya", na pale ambapo ulichofanya hakifanani na ulichopanga, acha vyote viwili vionekane na uandike sababu yake hapo hapo.